Safu ya Ushauri: Kila mwalimu ana zamu tano, mbona wanalalamika?

Shikamoo Mwalimu,

Ninafundisha sekondari ya kata wilayani Rungwe, na mwaka huu nimekabidhiwa taaluma. Mtihani wa muhula wa kwanza, mwishoni mwa Mei, ratiba ya usimamizi niliipanga mimi. Tuna walimu 16 wa kusimamia, vyumba vinane, siku tano, asubuhi kwa muda wa saa tatu nzima na mchana kwa muda wa saa mbili. Nilichukua majina kama yalivyo kwenye kitabu cha mahudhurio, nikashuka nayo chumba kwa chumba hadi mwisho, nikarudi juu. Kila mtu akapata zamu tano, sawasawa kabisa. Hata hivyo ofisi ya walimu ilichafuka. Wapo waliosema nimewapendelea rafiki zangu. Jumatano walimu wawili walikaa kwenye vyumba visivyo na mwanafunzi, huku madamu wa Baiolojia akihangaika peke yake maabara na Kidato cha Nne, na mkupuo wa pili ukaingia ukijua maswali yote. Mwalimu mmoja ananyonyesha, naye nilimpangia asubuhi kila siku. Alhamisi mwenzetu alipatwa na msiba na chumba kikabaki bila mtu. Nimekuambatishia ratiba ya karatasi na idadi ya wanafunzi. Nifanyeje ili Novemba nisirudie haya?

Mwalimu wa Taaluma, Tukuyu

* * *

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mzigo.

Hukumpendelea mtu, na wenzako nao hawakusema uongo. Angalia hesabu iliyojificha ndani ya orodha yako. Asubuhi inahitaji watu wanane, mchana wanane, jumla 16, na majina yako ni 16. Orodha inakwisha kila jioni na kuanza upya kila asubuhi palepale ilipoanzia jana. Kwa hiyo wanane wa juu walipata asubuhi siku zote tano, na wanane wa chini mchana siku zote tano. Zamu ni tano kwa tano, lakini ukizigeuza kuwa dakika, wa juu walisimama dakika 900 na wa chini 600. Ni tofauti ya saa tano ndani ya wiki moja. Anayesimama tangu ukungu wa asubuhi hadi saa tano kila siku hahitaji kikokotoo kulijua hilo, miguu yake inamwambia.

Kuanzia sasa, usihesabu zamu. Hesabu dakika. Na usianze na majina, anza na karatasi.

Chukua ratiba ya karatasi uliyonitumia na kwa kila sesheni jiulize ni wanafunzi wangapi hasa wanaofanya karatasi ile, na wanatosha kukaa wapi. Wewe ulipanga vyumba vinane kila sesheni kwa sababu shule ina mikondo minane. Lakini kuanzia Kidato cha Tatu wanafunzi wameshachagua masomo. Jumanne mchana ilikuwa Fizikia: Kidato cha Kwanza na cha Pili wanafanya wote, hivyo wanajaza vyumba vinne, lakini Kidato cha Tatu wana wanafunzi 14 na cha Nne 11. Hao ni 25 kwa jumla, wanatosha chumba kimoja. Sesheni ile ilihitaji walimu watano, wewe ukaweka wanane. Kemia ya Alhamisi mchana ni hivyohivyo, wanafunzi 43 wa vidato viwili wanaenea chumba kimoja. Jumatano mchana pia ni vyumba vitano, kwa kuwa Kidato cha Tatu waliochukua Biashara ni 22 tu na Kidato cha Nne hawana karatasi mchana huo. Vyumba vile vitupu vya Jumatano asubuhi ni vya Kidato cha Nne, ambao wakati huo walikuwa maabara.

Ukichanganya vidato viwili chumba kimoja, panga safu moja ya Kidato cha Tatu na safu moja ya cha Nne, zikipishana, ili jirani wa mwanafunzi awe na karatasi isiyofanana na yake. Ila hakikisha karatasi hizo zina muda mmoja. Ikiwa moja inaisha nusu saa kabla ya nyingine, wale wa kwanza watakusanya, watasogeza madawati na kutoka, na wenzao watapoteza utulivu wao katika nusu saa ambayo ndiyo ya kumalizia maswali marefu. Muda ukitofautiana, bora utoe chumba cha pili na mwalimu wa pili.

Sasa tuje maabara, maana hapo ndipo ulipoumia zaidi, na mimi jambo la mkupuo wa pili kujua maswali silichukulii kirahisi. Kwa mtihani ule, nusu ya alama za vitendo za Kidato cha Nne hazikuambii lolote.

Maabara yenu inachukua wanafunzi 29, darasa lina 58, kwa hiyo ni mikupuo miwili ya dakika 150. Wa kwanza saa 2:00 hadi 4:30, wa pili saa 5:00 hadi 7:30, na nusu saa katikati ya kuosha vyombo, kujaza vitendanishi na kuweka sampuli mpya. Usiibane nusu saa hiyo iwe robo, kwa sababu mirija isiyooshwa vizuri huharibu majibu ya vipimo vya chakula, na mwanafunzi ataandika alichokiona kumbe amekiona cha mwenzake aliyetangulia. Mkupuo wa pili uingie darasani kwao saa 2:00 kamili, pamoja na wa kwanza, ukae na mwalimu hadi saa 5:00. Waruhusu kusoma, lakini wasitoke bila kusindikizwa. Mkupuo wa kwanza ukimaliza, mwalimu aliyewasimamia awatoe kwa mlango wa nyuma na kuwapeleka upande wa uwanja, ndipo wa pili waitwe. Watu husahau kwamba makundi haya hukutana zaidi chooni kuliko mlangoni, kwa hiyo anayetoka maabara kwenda haja asindikizwe pia.

Kwa hiyo kazi ya vitendo inataka watu wanne: msimamizi wa mkupuo wa kwanza (dakika 150), msimamizi wa mkupuo wa pili (150), mwalimu wa chumba cha kusubiri (180), na madamu wa Baiolojia mwenyewe. Huyu hasimamii. Anaandaa, anajibu swali la chombo kilichovunjika au kemikali iliyoisha, basi. Msimamizi awe wa somo jingine. Lakini muda wa madamu ni kazi halali na uuandike: saa tano za mikupuo miwili na saa moja ya maandalizi ya jana yake, jumla dakika 360. Shule nyingi haziandiki kazi hii popote, na mwalimu wa sayansi anaonekana ana zamu chache kuliko wengine wakati yeye ndiye aliyechoka kuliko wote.

Tujumlishe ratiba yako yote upya. Asubuhi ni vyumba vinane Jumatatu, vinane Jumanne, sita Jumatano, vinane Alhamisi na vinane Ijumaa. Hivyo ni vyumba 38, na kwa dakika 180 unapata 6,840. Mchana ni vinane, vitano, vitano, vitano na vinane, jumla 31, na kwa dakika 120 unapata 3,720. Wasimamizi watatu wa vitendo ni dakika 480, na madamu 360. Jumla kuu ni dakika 11,400. Gawa kwa walimu 16, kila mmoja anadaiwa kama dakika 712. Hiyo ndiyo mizani yako, iandike juu ya karatasi kabla hujaandika jina la mtu yeyote.

Bahati nzuri, asubuhi mbili na mchana tatu ni dakika 720, na asubuhi nne peke yake ni 720 vilevile. Nimeijaribu ratiba yako kwa njia hiyo. Walimu sita wanachukua asubuhi mbili na mchana tatu. Watano wanachukua asubuhi nne na kupata siku moja bila usimamizi. Mmoja anachukua asubuhi tatu na mchana mbili, anafika 780. Madamu wa Baiolojia anabaki na mchana tatu juu ya maabara yake, jumla 720. Wasimamizi wawili wa maabara wanafika 690 kila mmoja: wa kwanza kwa kuongeza asubuhi tatu, wa pili kwa kuongeza asubuhi moja na mchana tatu. Anayenyonyesha apewe mchana zote tano, dakika 600. Kwa hesabu ya siku, hakuna anayelazimika kuingia asubuhi na mchana siku moja.

Kuhusu huyo mwenzetu anayenyonyesha, usimwone kama anayeomba hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto. Kumfungia chumbani dakika 180 kila asubuhi ni kumnyima alichopewa. Dakika zake zinazopungua ajazie kwa kazi isiyo na kengele: kuandika orodha za ukaaji na kuzibandika milangoni, au kuhesabu karatasi za majibu na kuzifunga kwa mikondo. Ziandikwe pia, ili asije akasemwa.

Kabla ya kuweka majina, weka makatazo. Chora jedwali, majina yakishuka upande wa kushoto na sesheni kumi zikienda kulia. Kwa kila mwalimu piga alama ya X kwenye sesheni ya somo analofundisha. Asisimamie somo lake hata kama ni mwaminifu kuliko sisi sote, kwa kuwa mwanafunzi atamwita kwa macho na yeye ataona jibu lililokosewa na uso wake utasema. Lakini siku hiyo asiondoke shuleni. Akae ofisini, maana karatasi ikiwa na kosa, mchoro umefutika au namba imerukwa, yeye ndiye anaandika marekebisho, nawe unayapeleka vyumba vyote vya kidato kile kwa maneno yaleyale. Rekebisho likisemwa kwa sauti chumba kimoja tu, mkondo wa pili umeonewa. Hapo Tukuyu mwezi wa tano mvua ikipiga bati hakuna anayesikia sauti hata hivyo, kwa hiyo liandikwe ubaoni.

Kisha anza kujaza pale penye watu wachache wa kuchagua. Kwa shule yako ni Jumatano asubuhi, ambapo watu kumi wana kazi kwa pamoja, na baada ya hapo asubuhi za masomo yenye walimu wengi, kwa sababu X ni nyingi. Mchana wa vyumba vitano uache mwisho. Watu wengi hujaza kuanzia Jumatatu kwenda Ijumaa, wakifika Ijumaa wamebakiwa na walimu wenye X, na hapo ndipo mwalimu wa Hisabati anajikuta anasimamia Hisabati.

Kama mna kompyuta ya ofisi, andika namba ya chumba ndani ya kila kisanduku, siyo alama ya vema. Chumba cha kusubiri cha Jumatano kiite 9. Walio maabara waandikie neno Maabara kwenye Jumatano asubuhi, na dakika zao za maabara uziweke safu ya L. Sesheni zikiwa safu B hadi K, asubuhi na mchana zikipishana, na walimu mstari wa 2 hadi wa 17, fomula ya kwanza hapa chini inajumlisha dakika za mwalimu wa kwanza. Ya pili inahesabu vyumba vilivyopata mtu Jumatatu asubuhi.

```
=COUNT(B2,D2,F2,H2,J2)*180+COUNT(C2,E2,G2,I2,K2)*120+L2
=COUNT(B2:B17)
```

Ya kwanza iweke M2 na kuiburuta kwenda chini, ya pili iweke B18 na kuiburuta kwenda kulia. Jumatatu asubuhi lazima isome 8, Jumatano asubuhi 7 pamoja na chumba cha kusubiri, na Jumanne mchana 5. Namba ikipungua, kuna chumba hakina mtu. Ikizidi, umeweka watu wawili mahali pamoja. Fomula haitakuambia kama chumba cha 3 kimeandikwa mara mbili na cha 4 kimesahaulika, hilo pitisha jicho mwenyewe safu kwa safu. Bila kompyuta, karatasi ya manila na penseli vinafanya kazi hiyohiyo, ila tumia penseli kweli.

Msiba hauna ratiba, kwa hiyo kila sesheni iwe na mwalimu wa akiba mwenye jina lililoandikwa, siyo "yeyote aliyepo". Mchukue kutoka kwa wale wasio na zamu sesheni hiyo na wasio na X. Sesheni ni kumi na walimu ni 16, kwa hiyo hakuna atakayekuwa akiba mara mbili. Afike na wengine saa 1:40 asubuhi mnapogawa bahasha, na akiwa hajaitwa chumbani atembee barazani: ndiye anayesindikiza wa chooni, ndiye anayeshika chumba dakika tano msimamizi akibanwa, na ndiye anayeleta karatasi za ziada. Anayekaa Kiwira na kutegemea bodaboda usimfanye akiba wa asubuhi. Mvua ikinyesha, yeye mwenyewe ndiye atakayehitaji akiba.

Akiba akishika zamu nzima, dakika zote zihamie kwake na zitoke kwa aliyekosekana. Wa msiba au mgonjwa asidaiwe. Aliyebadilishana na mwenzake kwa sababu zake binafsi, waandike wote wawili majina kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani kabla ya siku yenyewe. Makubaliano ya mdomo kwenye chai ndiyo huacha chumba kitupu, kila mmoja akidhani mwenzake anaenda.

Ratiba ibandike wiki moja kabla, ikiwa na safu ya mwisho inayoonyesha jumla ya dakika za kila mtu, na yako pia. Wewe unagawa bahasha na kupokea karatasi sesheni zote kumi, iandike hiyo. Toa siku mbili za kuleta pingamizi kwa maandishi. Atakayesema ameonewa mwonyeshe namba yake na ya jirani yake. Na kama kweli ameonewa, utaiona hapohapo na kuirekebisha.

Umeniuliza kuhusu Novemba, nayo ni hesabu tofauti. Kidato cha Pili na cha Nne watakuwa kwenye mitihani ya taifa, hivyo unabakiwa na cha Kwanza na cha Tatu, vyumba vinne. Walimu kadhaa watateuliwa kusimamia shule nyingine, na huwezi kujua ni nani hadi barua zitoke, kwa hiyo usipange majina mapema. Panga karatasi na vyumba tu, na dakika zote uzijumlishe. Barua zikitoka, gawa jumla hiyo kwa siku za kazi za waliobaki: aliyepo siku zote tano achukue fungu kamili, aliyepo siku mbili achukue sehemu mbili za tano. Aliyekwenda kusimamia nje asirudi akakuta deni. Ila waliosimama dakika 900 mwezi Mei walizidisha karibu 190 juu ya fungu lao, na wale wa 600 walipungukiwa na zaidi ya 100. Mizani hiyo ingiza kwenye safu ya kwanza ya jedwali la Novemba kabla hujaandika kitu kingine, na wale wanane wa chini ndio waanze kupangiwa asubuhi.